Kioo Kilichopanguswa kwa Kanga

Picha nyingi zinazoletwa kwenye kibanda changu pale Kibiti zina ukungu. Biharusi anaonekana kama amepigwa ndani ya mvuke wa sufuria ya pilau. Mtoto aliyehitimu madrasa amezungukwa na weupe ambao haukuwepo siku ile, maana siku ile jua lilikuwa kali na kila mtu alikuwa anatweta. Wenyewe hunyoosha mkono juu ya meza, simu inang'aa kwa jasho, wananiambia, "Nisafishie hii." Nami, kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, huwauliza kwanza kama kioo cha kamera kimewahi kuguswa na sabuni tangu simu iingie nyumbani kwao. Wengine hucheka. Wengine huchukua simu yao na kwenda kwa jirani yangu wa pili, ambaye naye hana la kuwafanyia ila ana maneno matamu.

Kazi yangu ni kupiga picha za paspoti, kutoa fotokopi, kuchapisha na kufanya leminesheni. Nimekaa nyuma ya ile meza muda mrefu kiasi cha kuzijua nyuso za watu wa Kibiti kwa vivuli vyao. Na nimejifunza kwamba ukungu wa picha zetu hautoki angani. Unatoka shavuni. Wanawake wa kwetu tunajipaka mafuta ya nazi asubuhi, kisha tunaibana simu kwenye shavu tunapoongea, na kale kakioo kadogo ka kamera ya mbele kanakaa palepale, kanakula mafuta. Halafu mtu akitaka kupiga picha anakumbuka usafi. Anakipulizia pumzi kile kioo, haa, anakipangusa kwa pindo la kanga. Pindo hilohilo limefuta jasho la uso, limefuta pua ya mtoto, limeshika mpini wa sufuria. Mafuta hayaondoki, yanatandazwa tu. Nimelisema hilo mpaka ulimi umeota sugu, na bado kila anayeingia kibandani anapangusa kwa kanga mbele ya macho yangu.

Kwa picha za ukungu, mama yangu alikuwa wa kwanza. Alikaa Mtunda, kwenye nyumba ileile tuliyozaliwa, na simu nilimnunulia mimi. Siku moja mjukuu mmoja alibonyeza kamera ikageuka kuwa ya mbele, na mama hakujua kuirudisha. Basi akawa anapiga picha kwa kuigeuzia simu uso kwenye kitu anachokitaka, yeye akitazama mgongo wake, akibahatisha. Nilikuwa nikipokea kuku waliokatwa vichwa, mpunga uliolala upande, nusu ya jirani. Zote zilikuwa na ule ukungu wa mafuta. Nilikuwa nampigia na kumtania kwamba kuku wake wanaishi mawinguni, naye anajibu, "Wewe si ndiye fundi? Washushe."

Sasa mdogo wangu. Tuko wawili tu kwa mama, mimi na yeye, na yeye ndiye kitinda mimba. Alipata kazi za ndani Arabuni, mama akakataa. Alikataa kwa ukimya, ambao kwa mama ulikuwa mbaya kuliko matusi. Mdogo wangu akaondoka alfajiri, begi kichwani. Mimi nilimsindikiza hadi barabarani. Mama alibaki ndani, mlango umerudishwa. Kwa watu wengine huo ni ugomvi wa kawaida wa nyumbani. Kwetu, mtu kusafiri bila radhi ya mama ni kama kusafiri bila kivuli. Tangu siku ile, mdogo wangu akipiga simu ya video wakati niko Mtunda, mama alinisukumia mimi simu na kwenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Mama alifariki msimu wa kuamia ndege, wakati mashamba yote ya mpunga yana watu juu ya madungu wakipiga kelele na kurusha udongo. Homa ilimchukua haraka. Mdogo wangu hakuweza kuja kuzika, tajiri wake alikuwa na pasi yake ya kusafiria na hakuwa na haraka ya kuirudisha. Lakini siku chache kabla ya homa ile, mama alikuwa amemtumia picha. Picha moja, bila neno, maana kuandika hakujua na kurekodi sauti hakukupenda. Mdogo wangu aliiona, akasema moyoni atampigia siku yake ya mapumziko. Siku hiyo ilipofika alikuwa tayari amepata habari kutoka kwangu.

Aliporudi hatimaye, hakupitia nyumbani. Alishuka kwenye basi na begi lake, akaja moja kwa moja kibandani kwangu. Tulikumbatiana, tukalia. Mteja aliyekuwa anasubiri fotokopi akainuka akatoka bila kuambiwa, Mungu ambariki. Kisha mdogo wangu akakaa kwenye benchi la wateja, akatoa simu yake, akanyoosha mkono juu ya meza kama wanavyofanya wote.

"Dada, niondolee huu ukungu."

Niliitazama ile picha. Nilikuwa sijaiona. Mama amekaa kitandani kwake, kanga kichwani, ukuta wa udongo nyuma yake. Juu, kwenye bati, kuna tundu la msumari uliong'oka zamani, na mwanga wa nje unapenya hapo kama nyota ya mchana. Weupe umetanda juu ya picha yote. Uso wa mama unaujua ni uso kwa kuwa unamjua mama. Macho yake yalikuwa vivuli viwili laini, kama alama za vidole kwenye unga.

"Nataka kumwona macho," mdogo wangu alisema.

"Ya nini tena?"

"Mama alikuwa hajui kuficha kitu machoni. Akikasirika unayaona, akikuridhia unayaona. Nikiyaona haya nitajua kama amekufa na radhi yangu mkononi au amenipa."

Nilifunga kibanda nusu, nikaketi kwenye kompyuta.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuitafuta picha yenyewe kwenye simu ya mama, ambayo nilikuwa nimeitunza, kwa sababu picha ikipita mtandaoni hubanwa na kupungua. Ilikuwa bora kidogo. Nikaanza kazi. Nilipunguza ule weupe, nikaongeza weusi kwenye vivuli, na taratibu vitu vikaanza kurudi kama watu wanaotokeza kwenye ukungu wa mtoni asubuhi. Maua ya kanga yalirudi. Ufa wa ukutani ulirudi. Shanga za tasbihi iliyoning'inia kwenye nguzo ya kitanda zilirudi karibu zote. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, nasikia pumzi yake sikioni. "Endelea," akasema. "Endelea hapohapo." Nikasogea machoni. Nikaongeza. Macho yakageuka chenga, punje za kijivu na za zambarau zinazorukaruka, na kadiri nilivyosukuma ndivyo zilivyozidi. Nikarudi nyuma, nikajaribu njia nyingine, nikapata chenga zilezile zikiwa zimelainishwa.

Nilimweleza kwa namna ninayoijua. Kioo kikiwa safi, mwanga unaotoka jichoni mwa mama unakwenda kukaa mahali pake ndani ya kamera, na mwanga wa tundu la bati unakaa pake. Kukiwa na mafuta, kila mwanga unatawanyika. Ule wa tundu la bati, ambao ni mkali, unamwagika juu ya uso wote, na ule mdogo wa jichoni nao unasambaa na kuvichanganya vitu vyembamba kama kope. Kamera inaandika jumla yake tu. Ni kama umemwaga ndoo ya maji ya kisima na ndoo ya maji ya mto kwenye pipa moja. Naweza kukwambia kwa kukisia kwamba ya mto yalikuwa mengi, naweza hata kuyapunguza matope yakatulia. Kukuchotea ya kisima peke yake siwezi. Hakuna kompyuta inayoweza kulirudisha lote lililopotea kwenye mchanganyiko ule.

"Programu za siku hizi zinaweza," alisema kwa ubishi. Huko alikotoka ameziona. Akatoa simu yake, akaiingiza picha ya mama kwenye moja ya hizi programu za akili mnemba, akabonyeza. Tukasubiri kijiduara kikizunguka.

Ikatoka picha safi kama maji ya mtungi. Mwanamke mzee amekaa kitandani, anatabasamu, kila kope mahali pake. Meno yote yamekamilika.

Mama alikuwa na pengo la mbele tangu mimi niko darasa la pili.

Mdogo wangu akabonyeza tena. Safari hii mwanamke alikuwa amefunga mdomo na macho yake yamelegea, ya huzuni, ya kumlaumu mtu. Akabonyeza mara ya tatu, akaja mwingine, mpole, mwenye kidoti shavuni. Nilimpokonya ile simu kwa hasira. Nilimwambia wale ni wanawake wa kubuniwa, programu haijui mama alikuwaje, inaweka macho inayodhani yangefaa kukaa pale, na ukiendelea kubonyeza mwishowe utampata anayekuambia unachotaka kusikia. "Utamwamini yupi?" nilimuuliza. "Na yule wa pili utamfukuza vipi usiku akikujia?" Alijifunika uso kwa viganja. Niliumia, maana nami kwa dakika moja nilikuwa nimempenda yule wa tatu.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Mtunda kufagia kaburi na kumsomea mama. Tulilala huko. Asubuhi yake niliamka nikakuta ukungu wa kweli umeshuka, mweupe, umeingia hadi uani, minazi inaonekana vichwa tu na migomba haionekani kabisa. Sauti ya mtu akitwanga ilikuwa inatoka mahali ambapo hapakuwa na kitu. Nilisimama mlangoni na kikombe cha chai nikajihisi niko ndani ya moja ya picha za mama, na kwamba nikinyamaza vya kutosha nitawasikia wale kuku wake wasio na vichwa. Sikutaka kusogea. Kuna asubuhi ambazo mtu angependa ziishie hapohapo zilipo.

Mdogo wangu alikuwa ameoga. Alijipaka mafuta yaliyobaki kwenye chupa ya mama, akajitanda kanga ya mama iliyokuwa sandukuni, na aliponipita nyumba yote ikanukia mama. Jua lilipopanda na ukungu ukainuka, aliniomba nimpige picha kitandani, mahali palepale alipokaa mama, kwa simu ileile ya mama. Nadhani alitaka angalau akae kwenye picha ile. Niliiwasha simu. Tangu msiba nilikuwa nimeitumia kuwapigia ndugu, nikawapa na wengine wawapigie wa kwao, kwa hiyo ilikuwa imebanwa kwenye mashavu mengi. Kamera ilikuwa bado ya mbele, nami kwa kumuenzi mama sikuigeuza. Nilimwelekezea uso wa simu, nikabahatisha kama yeye, nikapiga.

Nilipotazama, mdogo wangu alikuwa ndani ya weupe uleule. Tundu la msumari lilikuwa juu yake, limevimba, duara la mwanga kama mwezi wenye wingu.

"Hebu lete nijipige mwenyewe," akasema. Akaichukua simu. Na kabla sijafungua mdomo, akaileta karibu na midomo, akapuliza haa, akavuta pindo la kanga ya mama na kukipangusa kioo, kutoka juu kushuka chini, mara moja, kwa kidole gumba.

"Wewe!" nikapiga ukelele. "Miaka yote hii nasema na nyumbani kwetu hakuna anayesikia? Kanga ina mafuta!"

Aliruka, simu ikabofyeka mkononi mwake. Picha ikajipiga hivyohivyo, mdomo wake wazi.

Nilimnyang'anya ili nimwonyeshe uharibifu alioufanya. Nilikuwa na somo zima tayari mdomoni. Lakini nilipoiona ile picha niliisogeza karibu na macho. Weupe ulikuwepo bado. Ila tundu la msumari halikuwa tena duara. Lilikuwa limechomoza mistari miwili ya mwanga, mmoja kulia na mmoja kushoto, imekatiza picha nzima juu ya kichwa chake kama uzi uliovutwa.

Hilo nalijua kwa kazi yangu. Mafuta ya shavuni yanakaa kwenye kioo ovyo, huku na huko, na mwanga unatawanyika pande zote, unapata duara. Ukipangusa kwa kitambaa chenye mafuta unayachora mistari myembamba kama mifereji ya reki kwenye mchanga, na mwanga unavutwa kwa kuikatiza mistari hiyo. Ukipangusa kwa kushuka, uzi unalala. Ukiendelea kuongea na simu, shavu linaivuruga mistari na duara linarudi.

Nilikaa kitandani. Nikaifungua picha ya mama, ile yenyewe. Kibandani nilikuwa nimehangaika na macho tu, sikutazama juu. Uzi ulikuwepo. Umelala kutoka tundu la msumari hadi pembeni, mwembamba, umenyooka.

Nilirudi nyuma kwenye picha zake nyingine, moja baada ya moja. Kulikuwa na kuku aliyeatamia pembeni ya kitanda kilekile, chini ya tundu lilelile. Duara. Gunia la mpunga limeegemezwa ukuta uleule. Duara. Paka. Duara. Mjukuu amelala, kichwa hakipo, tundu lipo, duara. Mama hakuwahi kumpangusia kuku kioo. Hakuwahi kunipangusia mimi.

"Nini?" mdogo wangu alikuwa ananiuliza. "Dada, kuna nini?"

Nilimwonyesha zote. Nilimwonyesha na yake, aliyoipiga muda uleule kwa mkono wake. Nilimweleza taratibu, nikirudia, kwa sababu nilitaka aelewe mwenyewe bila mimi kumsemea. Alizitazama akiwa amekunja uso. Akainua pindo la kanga akalitazama. Akakitazama kidole gumba chake.

"Kwa hiyo alipangusa," alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hii picha tu?"

"Katika zote nilizoziona, hii tu. Alikaa hapa, akaigeuza simu, akapuliza, akapangusa, halafu akajipiga, akakutumia wewe."

Sikumwambia macho ya mama yalikuwaje, kwa kuwa sijui hadi leo. Yamepotea na hayatarudi, hilo nimelikubali. Lakini nilimfahamu yule mwanamke. Mtu aliyekukasirikia hakusafishii kioo ili umwone vizuri. Angekutumia kuku.

Mdogo wangu alianza kulia kwa namna ambayo hakulia siku aliyofika. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa na mama yake. Alikuwa anasema, "Alinipangusia, dada. Alinipangusia," nami namshika mgongo na kusema ndiyo, alikupangusia, na akaharibu, kwa sababu alikuwa mbishi kama wewe. Tulicheka humohumo ndani ya kilio. Jirani alikuja hadi mlangoni, akatutazama, akarudi zake.

Tuliporudi Kibiti nilimwambia nitaichapisha picha ile niliyoisafisha, yenye maua ya kanga na tasbihi, ni nzuri ukiacha macho. Akakataa. Alitaka ile ya kwanza, vilevile ilivyotoka kwenye simu. Niliiweka kwenye karatasi bora niliyonayo, ile ninayowawekea maharusi, nikaangalia printa ikimtoa mama taratibu, kwanza bati, kisha nyota yake na uzi wake wa mwanga, kisha ule weupe. Mdogo wangu alisimama ameishika kwa ncha za vidole, wino haujakauka. Kulikuwa na tone la maji juu ya karatasi, sijui ni chozi la nani kati yetu, naye akashusha mkono kutafuta pindo la kanga yake.

"Usiguse," nilimwambia, nikampa kitambaa safi.